Nani Atajwe Kwanza: Utambulisho na Shukrani Karatu na Ngorongoro

Katika ufunguzi wa zahanati, bweni au mradi wa maji wilayani Karatu, watu hutajwa mara mbili. Mara ya kwanza ni utambulisho, ambao hufuata cheo. Mara ya pili ni shukrani, ambazo hufuata mchango. Mkuu wa Wilaya huongoza utambulisho hata kama hakutoa mfuko mmoja wa saruji, na mfadhili aliyelipia jengo zima hutambulishwa baada ya Katibu Tawala bila kuvunjiwa heshima. Risala nyingi zilizowachosha watu ziliharibikia hapo: msomaji alishukuru kwa kufuata vyeo, akawa anarudia orodha ambayo mshereheshaji alikwisha kuimaliza nusu saa kabla.

Zamani tatizo hilo lilikuwa dogo. Enzi za chama kimoja, Karatu ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, wakubwa wa kutajwa walikuwa wachache. Mkuu wa Wilaya alikuwa pia katibu wa TANU, kwa hiyo ukimtaja yeye umeitaja serikali na chama kwa pumzi moja. Wote waliitwa ndugu, kuanzia kiongozi wa mkoa hadi balozi wa nyumba kumi. Wafadhili walikuwa zaidi makanisa, Walutheri na Wakatoliki, na mchungaji au padri aliyekaa meza kuu alikuwa mtu anayejulikana na kila mwanakijiji.

Mambo yalibadilika baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992. Mwaka 1995 Karatu ilimchagua Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA kuwa mbunge, naye akakaa hadi 2010. Kiti kikabaki kwa chama hicho hadi 2020. Miaka hiyo yote meza kuu ilikuwa na Mkuu wa Wilaya aliyeteuliwa na Rais wa CCM, mbunge wa upinzani, na madiwani wa pande zote mbili. Ndugu akageuka mheshimiwa. Aliyesahauliwa hakuhesabu kwamba amesahauliwa, bali kwamba amebaguliwa. Kila msemaji akaanza kujilinda kwa kupanda ngazi nzima: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mbunge, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji, Kamati ya Ulinzi na Usalama, viongozi wa vyama, viongozi wa dini, wazee wetu wa mila. Orodha hiyo kwa vyeo kamili hula zaidi ya dakika moja. Wasemaji wakiwa wanane, watu walioketi juani wameisikia mara nane kabla ya kusikia lolote kuhusu jengo.

Kileleni mwa ngazi hiyo hapakuwa na ubishi, kwa kuwa Mkuu wa Wilaya humwakilisha Rais na hukaa mbele bila kujali nani alishinda uchaguzi. Utata ulikuwa kati ya mbunge na mwenyekiti wa halmashauri. Mbunge ana jina kubwa zaidi, lakini ndani ya baraza la madiwani yeye ni mjumbe na mwenyekiti ndiye anayeongoza kikao. Njia iliyosaidia ni kuuliza mapema shughuli ni ya nani. Mradi ukiwa wa halmashauri, mwenyekiti ndiye mwenyeji, na mwenyeji hutambulishwa kwa nafasi yake ya kukaribisha wageni, si kwa kushindanishwa na mbunge.

Nafuu ilikuja kwa maneno mawili, itifaki imezingatiwa. Mshereheshaji, au kiongozi aliyepewa kazi ya utambulisho, anataja kila mtu mara moja. Wanaofuata humtaja mgeni rasmi, husema maneno hayo mawili, na kuingia kwenye hoja. Salamu nazo zilikuwa mlolongo: ya Waislamu, ya Wakatoliki, ya Walutheri, na kaulimbiu ya chama juu yake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kuwasalimu watu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nao wakaitikia kazi iendelee, na salamu hiyo moja ikatosha kwa shughuli za serikali. Maneno itifaki imezingatiwa yana mpaka wake, hata hivyo. Huokoa muda wa utambulisho tu. Mfadhili hawezi kushukuriwa kwa itifaki imezingatiwa.

Shukrani hukaa vizuri zaidi zikifuata jinsi jengo lilivyoinuka. Tuseme kijiji kimejenga zahanati: wananchi wamechimba msingi na kusomba mawe na mchanga, shirika la nje limelipia kuta na paa, kampuni ya utalii imetoa vitanda, halmashauri imemalizia na kuleta mganga na dawa. Risala humtaja Rais kwanza, kwa sentensi moja na kwa jambo mahususi, kama fedha za umaliziaji. Kisha wananchi. Hapo ndipo watu huamka, maana wanasikia habari zao wenyewe, na vigelegele vya akina mama hutoka bila kuombwa. Mfadhili huingia makofi yangali moto, kwa jina lililoandikwa jinsi linavyotamkwa na kwa kitu kimoja kinachoonekana: “paa hili mnaloliona”. Halmashauri hufuata, kwa sababu mishahara na dawa ni mambo ya kesho, na kutoka hapo risala huteremka yenyewe kwenye maombi ambayo mgeni rasmi atayajibu.

Dalili za kupoteza watu huonekana pembeni kabla ya kuonekana mbele. Watoto huhamia kwenye magari ya wageni, waliosimama chini ya miti huanza mazungumzo yao, makofi hubaki ya meza kuu peke yake. Tafsiri huongeza hatari hiyo. Mfadhili akizungumza Kiingereza, na mzee akazungumza Kiiraqw au Kimaa, muda huongezeka maradufu, kwa hiyo mfadhili hupewa dakika chache na mkalimani hupewa maandishi kabla. Vikundi vya ngoma huwekwa katikati ya hotuba, si mwanzoni pekee.

Kosa lenye gharama zaidi huwa kwenye kibao cha ufunguzi. Jina linalochongwa ni la mgeni rasmi, naye mara nyingi hutuma mwakilishi asubuhi ileile. Mwakilishi hufungua kwa niaba, na jina halibadiliki. Jina la mfadhili huwekwa kwenye kibao chake ukutani, kama bendera za wafadhili zionekanavyo kwenye miradi mingi ya barabara na maji nchini.

Upande wa Ngorongoro kuna jambo la ziada. Ndani ya hifadhi, Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro ni mwenyeji, ni mamlaka ya eneo, na mara nyingine ndiyo iliyotoa fedha, ilhali makao ya wilaya yako mbali, Loliondo. Makumbusho mapya ya Olduvai yalijengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kufunguliwa Oktoba 2017 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Katika shughuli ya ngazi hiyo, mshereheshaji hamwiti mgeni rasmi moja kwa moja: waziri ndiye anayemkaribisha, na mwakilishi wa mfadhili husema kabla ya waziri. Baada ya mgeni rasmi kuhutubia hakuna hotuba nyingine, ila neno fupi la shukrani. Msemaji wa neno hilo hamshukuru mfadhili upya. Humshukuru mgeni rasmi, kisha huwaruhusu watu waende kulitazama jengo.