"Yangu" ya nani?

Ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu hivi jioni. Tulikuwa tumetoka tu kutangaza majina ya waliopata nafasi kwa darasa la kompyuta la jioni, na linki tulikuwa tumeitupa kwa grupu la WhatsApp. Kijana mmoja wa hapa Kakuma akafika mlangoni na simu mkononi, ameishika mbali na mwili kama kitu cha moto. Akasema, "Kaka, nimeingia na namba yangu na neno langu la siri. Mbona inaniita dada?"

Tukaangalia. Ukurasa ulikuwa wa "Akaunti yangu", lakini jina halikuwa lake. Lilikuwa la dada mmoja tunayemjua. Chini ya jina kulikuwa na namba yake ya simu, namba yake ya usajili wa ukimbizi, bloki anayokaa, na maelezo aliyotuandikia mwenyewe: anaomba ahamishiwe darasa lingine kwa sababu ndani ya lile la kwanza yupo ndugu wa mtu aliyemkimbia nyumbani.

Hayo maelezo ndiyo yaliyotunyamazisha. Namba ya simu unaweza kubadilisha. Bloki je?

Wengine wenu mmetuuliza kilichotokea, na uvumi umeshazunguka kwamba tumevamiwa na wezi wa mtandao. Hakuna aliyetuvamia, tulifanya wenyewe. Tunaeleza jinsi ilivyokuwa, maana baadhi yenu mnatengeneza tovuti za vikundi vyenu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika mnatumia mifumo inayofanana na huu wetu.

Seva yetu ni kashine kadogo ka kukodi, ramu yake ni jigabaiti 1. Watu wakifungua kwa pamoja inalala. Kwa hiyo mbele ya programu yetu tuliweka nginx, iwe kama bawabu, na tukaipa kashe. Kashe ni akiba ya nakala. Mtu wa kwanza akiomba ukurasa, bawabu anakwenda ndani kuuliza programu, analeta jibu, na anabaki na nakala. Wa pili akiomba ukurasa uleule, anapewa nakala hapohapo na programu haisumbuliwi. Ni kama kijana wa fotokopi pale sokoni: fomu ya kila mtu ni ileile, kwa nini azunguke kuitafuta upya?

Sasa bawabu anajuaje kwamba ni "ukurasa uleule"? Anatumia ufunguo, yaani jina analoliandika juu ya kila nakala. Usipompa ufunguo wako, nginx hutumia huu:

```
$scheme$proxy_host$request_uri
```

Maana yake ni http au https, seva ya ndani inayoulizwa, na anwani ya ukurasa. Basi. Aliyeomba hayumo. Ukurasa wetu wa tangazo, `/tangazo`, hauna shida na hilo. Lakini ukurasa wa akaunti tuliuita `/akaunti-yangu`, na kila mtu anayeingia anaomba anwani hiyohiyo. Kila mmoja anasema "yangu". Bawabu anasikia neno moja, anatazama rafu, anaona nakala yenye jina hilo, anatoa. "Yangu" ya nani? Hakuuliza, kwa sababu hatukumwambia aulize.

Hapa lazima tuseme ukweli: nginx yenyewe haikuwa mjinga. Jibu linapotoka kwenye programu likiwa na mstari wa `Set-Cookie`, nginx inakataa kulitunza, kwa kuwa inajua kuki hupewa mtu mmoja. Na mstari wa `Vary: Cookie` ukiwepo, inaelewa kwamba jibu hubadilika kulingana na kuki, kwa hiyo inatenganisha nakala. Programu yetu ilikuwa inatuma yote mawili. Ndiyo maana wiki za kwanza kashe haikutusaidia kitu: kuki ilitolewa karibu kila ukurasa, nginx ikawa haitunzi. Tukalalamika, tukatafuta, tukapata mistari miwili mahali fulani, tukaibandika:

```
proxy_cache_valid 200 10m;
proxy_ignore_headers Set-Cookie Vary;
```

Wa kwanza unasema kila jibu zuri litunzwe dakika 10. Wa pili unasema puuza yale maonyo mawili. Tovuti ikawa inakimbia! Tulifurahi, tulipigana hata picha. Tulikuwa tumemziba bawabu masikio.

Mtauliza, hamkujaribu? Tulijaribu. Kwenye laptopu, ambako hakuna nginx mbele, na baadaye kwenye seva, kwa akaunti moja ya mwenzetu. Ukiwa peke yako utaona ukurasa wako kila mara, kosa hili haliwezi kuonekana. Na siku za kawaida watu walikuwa wachache, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Nakala ya dakika 10 ilikuwa inakufa kabla ya mwingine kufika. Kosa lilikaa kimya wiki tatu likingoja siku ya watu wengi.

Hata wakubwa yamewakuta kwa namna hiyo. Krismasi ya 2015, Steam, lile duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Kanuni za kashe zikabadilishwa ili kuhimili, na mojawapo ikakosewa. Watu wakafungua duka wakaona kurasa za wengine. Kampuni ilisema baadaye kwamba ni kurasa za watu kama 34,000, nyingine zikiwa na anwani ya malipo, barua pepe na historia ya ununuzi. Na kwao pia kashe ilikorogeka siku ya msongamano, mikono ikiwa na haraka.

Turudi kwa usiku wetu. Tulichukua simu mbili na akaunti mbili. Simu ya kwanza ikaingia, ikaona ukurasa wake. Simu ya pili ikaingia na akaunti nyingine kabisa, ikaona ukurasa wa ya kwanza. Sawa, tumelipata. Tukasubiri dakika 10 zipite, nakala ife, tukafungua tena simu ya pili tukitarajia ijione yenyewe.

Bado ilikuwa ya kwanza.

Hapo ndipo mmoja wetu alikaa chini. Kumbe nakala iliyotunzwa ilibeba na ule mstari wa `Set-Cookie`, na kuki ile ndiyo programu inayoitumia kukutambua baada ya kuingia. Simu ya pili haikuwa imeonyeshwa tu ukurasa wa mwenzake, ilikuwa imekabidhiwa ufunguo wa nyumba yake. Tulijaribu kubadilisha namba ya simu kutoka humo, ikakubali. Kwa hiyo yule kijana, kama angetaka, angeweza kufuta ombi la dada au kuliandika upya. Hakufanya. Alifunga simu akaja mbio, na tunamshukuru hapa bila kumtaja.

Kwa hiyo kufuta nakala peke yake hakukutosha. Tulizima tovuti, tukafuta folda yote ya kashe, kisha tukafuta kuki zote upande wa programu ili kila mtu atolewe nje na aingie upya. Kama tungeacha hatua hiyo, simu zilizokwisha kupewa ufunguo wa wengine zingeendelea kuingia wiki nzima.

Kisha tukauondoa ule mstari wa kupuuza, tukaiambia programu ibandike `Cache-Control: private, no-store` kwenye kila ukurasa wa mtu aliyeingia, na kwa nginx tukaongeza:

```
proxy_cache_bypass $cookie_sessionid;
proxy_no_cache     $cookie_sessionid;
```

`sessionid` ndilo jina la kuki yetu. Yenu inaweza kuitwa vingine. Mstari wa kwanza: mtu mwenye kuki asipewe nakala. Wa pili: jibu lake lisitunzwe. Yote mawili yanahitajika. Ukiweka wa kwanza tu, ukurasa wa aliyeingia bado unaweza kubaki rafuni, na asiyeingia akaupata. Kuna aliyependekeza tuongeze kuki ndani ya ufunguo, kila mtu awe na rafu yake. Inafanya kazi, lakini tulikataa: kurasa za siri za watu zingelala kwenye diski bila faida yoyote, maana nakala ya mtu mmoja haimsaidii mwingine.

Sehemu ngumu ilikuwa Jumamosi. Nani ameonwa, na nani?

Hatukuwa tumeiambia nginx iandike kama jibu lilitoka kwenye kashe. (Siku hizi inaandika `$upstream_cache_status`: HIT ni nakala, MISS ni jibu la ndani.) Lakini tulikuwa na madaftari mawili, la nginx na la programu. La nginx lilionyesha kwamba toka Ijumaa jioni hadi tulipozima, `/akaunti-yangu` uliombwa mara 63. La programu lilionyesha mara 22. Zile 41 zilizopungua hazikufika ndani. Zilijibiwa kwa nakala. Baadhi ni mtu aliyejifungulia tena ukurasa wake mwenyewe, nyingine sivyo. Tukarudi nyuma wiki zote tatu, tukakuta tofauti nyingine ya 6 ambayo hakuna aliyetuambia. Huenda waliona, wakadhani simu ni mbovu.

Zile 22 zilikuwa na majina 17. Hao ndio ambao nakala zao huenda zilikaa rafuni, kila moja kwa muda usiozidi dakika 10. Lakini waliozipokea? Karibu wote walikuwa kwenye waifai moja ya senta, na kwa nginx wana anwani moja. Tulijua nani ameonwa, hatukujua nani ameona.

Tuliwaendea wote 17, mmoja mmoja, kwa miguu, kuanzia kwa dada. Hatukutaka apate habari kwa grupu. Mmoja wetu alikuwa ameandaa maneno marefu ya kiufundi, dada akamkatiza: "Nambie tu, ndugu wa yule alikuwa kwa ile waifai?"

Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopata nafasi, kwa hiyo huenda alifungua. Kwenye zile 22 hayumo. Kama alifungua, alipewa nakala ya mtu, na hatujui ya nani. Tukamwambia hivyohivyo.

Alikaa kimya, halafu akaomba mambo mawili. Kwanza, bloki ifutwe kwenye fomu, kwa sababu darasa la kompyuta halihitaji kujua mtu analala wapi. Kweli, tuliiweka tu kwa kuwa fomu tuliyoinakili ilikuwa nayo. Pili, maelezo ya siri yasiandikwe kabisa kwenye tovuti. Mtu aje aseme kwa mdomo. Bloki tumeifuta kwa wote. Maelezo sasa yako kwenye daftari la karatasi, ndani ya kabati, na funguo anayo dada mwingine wa kamati.

Wiki iliyofuata alihamia kwa mama mmoja, bloki nyingine. Darasani bado hajaja. Nafasi yake ipo.