Nilikuwa Gerezani Kila Jumamosi

Katika miaka yangu ya kuwafundisha mafrateri Kiingereza, neno lililonipotezea wino mwekundu kuliko yote ni lile dogo kabisa: "the". Lugha yetu haina neno la namna hiyo. Tunasema "kitabu" na msikilizaji anajua mwenyewe kama ni kitabu fulani au chochote. Kwa hiyo wanafunzi wengi hulisahau, na mwalimu hubaki kulirudishia mahali pake. Lakini yapo maneno machache ambayo kwayo, kukosekana kwa "the" si upungufu. Kukosekana huko kunasema jambo.

Frateri mmoja aliniletea barua ya shukrani aliyowaandikia wafadhili wa ng'ambo. Alikuwa akifanya utume wa kuwatembelea wafungwa na wagonjwa, naye alitaka wajue. Aliandika: "Last year I was in prison every Saturday, and on Sundays I went to hospital." Kichwani mwake sentensi ilikuwa safi: mwaka jana nilikuwa gerezani kila Jumamosi, na Jumapili nilikwenda hospitali. Mfadhili Mwingereza angesoma mengine: kwamba kijana huyu alikuwa akifungwa kila Jumamosi, na kesho yake anapelekwa hospitali kutibiwa. Hapakuwa na kosa la tahajia wala la wakati wa kitenzi. Kilichomponza ni nafasi tupu mbele ya "prison" na "hospital".

Sababu ni hii. Kiingereza kinaposema "in prison", "in hospital", "at school", "in church" au "in bed" bila "the", hakizungumzii jengo wala samani. Kinazungumzia shughuli ambayo mahali hapo pamewekwa kwa ajili yake. Aliye "in prison" ni mfungwa. Aliye "in hospital" amelazwa. Aliye "at school" anasoma. Aliye "in church" yuko kwenye ibada. Aliye "in bed" amelala au anaumwa. Ukitia "the", tunarudi kwenye mahali penyewe: fundi bomba yuko "in the prison", mzazi anamsubiri mwalimu mkuu "at the school", wapaka rangi wako "in the church", na shati lako liko "on the bed".

Nilimwambia frateri kwamba tofauti hii tunayo hata sisi, ila tunaiweka kwenye kitenzi. Hatumwambii mtu "yuko hospitali" tukaishia hapo ikiwa hali ni nzito, tunasema "amelazwa". Tunasema "amefungwa", "anasoma", "anasali". Kazi ambayo kwetu inafanywa na kitenzi, Waingereza wameiachia nafasi tupu. Basi mwanafunzi ajiulize kwanza kwa Kiswahili: je, ninayemtaja amelazwa, au amekwenda kumwona aliyelazwa? Akipata kitenzi, amepata jibu.

Barua tuliirekebisha hivi: "Last year I visited the prison every Saturday, and on Sundays I visited patients in the hospital." Kitenzi cha kutembelea kimeondoa shaka yote.

Hata hivyo, usiichukue kanuni hii ukaitumia kwa kila mahali penye shughuli. Sokoni tunakwenda kununua, na benki tunakwenda kuweka fedha, lakini Kiingereza husema "to the market" na "to the bank". Orodha ya maneno yanayoacha "the" ni fupi, na hujifunzwa moja moja. Pia, ukiliongezea neno la orodha hiyo sifa, mara nyingi linarudi kuwa mahali pa kawaida, na "the" au "a" inarudi nalo: "in bed", lakini "in a small bed", "at school", lakini "at a good school".

Kuna jambo moja la mwisho linalowachanganya wanaosoma vitabu vya pande zote mbili za bahari. Mmarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa aliyelazwa. Kwenye gereza, shule, kanisa na kitanda, wao na Waingereza wako pamoja. Hospitali ndipo wanapoachana. Kwa hiyo ukimwandikia mtu usiyejua anatumia Kiingereza cha wapi, usiiachie "the" ibebe habari ya afya ya mtu. Andika "I was admitted" kama ulilazwa, na "I visited" kama ulitembelea. Hapo hakuna atakayekuombea upone wakati wewe ndiye uliyepeleka matunda.