Jumamosi ya Fidia

Barua ililetwa na binti yangu ndani ya daftari la Hisabati, imekunjwa mara nne. Ilikuwa Novemba 2024, wakati wa maandalizi ya uchaguzi wa serikali za mitaa:

«Kwa wazazi na walezi wa Darasa la Tano. Yah: Kusitishwa kwa masomo siku ya Alhamisi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Siku hiyo walimu watahudhuria mafunzo ya usimamizi wa vituo vya kupigia kura, hivyo wanafunzi wabaki nyumbani. Vipindi vitakavyopotea vitafidiwa Jumamosi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Wenu katika ujenzi wa taifa, Mwalimu wa Darasa.»

Ni barua nzuri. Ina sababu, ina siku, ina saa, wala haimtishi mzazi. Siku yenyewe ya kura, tarehe 27, Rais aliitangaza kuwa ya mapumziko kwa nchi nzima. Siku ya mafunzo haina tangazo la namna hiyo. Mzigo wa kuieleza unamwangukia mwalimu mwenye kalamu na karatasi. Nasi tumezoea mno kwamba kila shughuli ya dola ikihitaji watu wanaojua kusoma, kuhesabu na kuaminika kijijini, huchukuliwa walimu.

Neno lililonishughulisha ni «vitafidiwa». Nilichukua ratiba ya binti yangu nikahesabu. Alhamisi ana vipindi 8 vya dakika 40: Hisabati viwili, Kiingereza viwili, na kimoja kimoja cha Kiswahili, Sayansi na Teknolojia, Dini, na michezo. Jumla ni dakika 320. Jumamosi iliyoahidiwa ina saa nne, yaani dakika 240. Ondoa nusu saa ya mapumziko, zinabaki 210. Hapo vinaingia vipindi vitano, na vitatu havina mahali. Hakuna aliyeandika ni vipi, lakini kila aliyewahi kukaa katika ofisi ya walimu anajua: Dini na michezo vitaondoka kwanza, kwa kuwa havimo katika mtihani wa Darasa la Saba, cha tatu kitategemea mwalimu gani ana nauli ya kurudi shuleni Jumamosi.

Kisha kuna swali la nani atakuja. Darasani mwao wamo watoto wa Wasabato, ambao Jumamosi wako ibadani. Kwao fidia hiyo ni kipindi kinachopotea mara ya pili, maana wenzao wanaendelea na wao wanaachwa. Wapo wanaokwenda gulioni na mama zao. Na uji wa saa nne hupikwa siku za masomo tu, hivyo anayetembea kilomita nne atakaa na njaa hadi mchana.

Njia nyingine ipo: kuongeza kipindi kimoja mwishoni mwa siku kwa siku nane mfululizo. Vipindi vyote vinarudi, hakuna anayebaguliwa na ibada yake. Kasoro yake ni kwamba wanaokaa mbali wanachelewa kufika nyumbani dakika 40, na katika msimu wa mvua za vuli hilo si dogo. Hata hivyo ningeichagua hii, na nilimwambia mwalimu.

«Mzee, barua haikuandikwa na mimi peke yangu,» alinijibu kwa upole. «Nimeelekezwa niandike Jumamosi. Kilicho changu ni azimio la kazi.»

Jibu hilo lilinifundisha zaidi ya barua. Katika azimio la kazi kuna safu ya maoni. Mwalimu mwaminifu huandika humo kwamba kipindi cha Alhamisi hakikufundishwa, kisha huandika tarehe kilipofundishwa. Mwalimu aliyebanwa na mkaguzi huweka alama kwamba mada imekamilika, na siku iliyopotea inafutika kwenye karatasi huku ikibaki kichwani mwa mtoto. Mzazi hahitaji kuomba azimio ili ajue. Afungue daftari: chini ya tarehe ya Jumamosi pana mada gani, na mada ya Jumatatu inafuata kutoka hapo au imeruka?

Jambo moja zaidi la kuangalia ni fedha. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima, masomo ya Jumamosi ni mlango ambao mchango wa «tuisheni» hurudia kuingilia. Kipindi cha fidia ni deni la shule kwa mtoto, hakilipiwi. Barua yetu haikudai kitu, na nilimshukuru mwalimu kwa hilo.

Jumamosi hiyo walihudhuria 38 kati ya 63. Mwalimu alifundisha sehemu za desimali kwa waliokuwapo, na Jumatatu akazirudia tangu mwanzo kwa wote, akakiandika kipindi cha Jumatatu kuwa ndicho kilichofidia.