Nusu Saa Inayolipiwa Mwezi Mzima

Hapa Kibabii, mwenye mashine moja ya kusaga mahindi hulipia yuniti alizotumia, basi. Mjomba wangu alikuwa hivyo mpaka alipoongeza mashine ya kukoboa na chumba cha baridi cha maziwa. Matumizi yakapita yuniti 15,000 kwa mwezi, akahamishiwa kundi la wateja wakubwa, na bili ikaja na mstari mpya: kVA. Juu ya yuniti kulikuwa na Sh 117,700 nyingine. Akadhani mita imeharibika. Mita ilikuwa sawa.

Yuniti ni jumla ya stima uliyotumia. kVA ni mzigo mzito kuliko yote uliobebesha laini ndani ya mwezi. Mita hupima wastani wa kipindi kifupi, kama nusu saa, na kukumbuka kile kizito zaidi. Kwa viwango vya Aprili 2023, kila kVA katika kundi lake ni Sh 1,100 kabla ya kodi. Siku 29 za utulivu hazifuti nusu saa moja.

Mwanzoni alilaumu mota inapowashwa na taa kufifia. Lakini hizo ni sekunde chache tu, na kwenye wastani wa nusu saa zinapotea. Tukakaa na daftari. Kusaga kulichukua kVA 60, kukoboa 35, baridi 12. Zikienda pamoja ni 107. Kusaga na kukoboa zikipishana, nzito zaidi ni 72. Tofauti ni 35, yaani Sh 38,500 kila mwezi kwa kazi ile ile.

Sasa wanakoboa kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne, kisha wanasaga mpaka saa kumi na mbili jioni. Chumba cha baridi hakiguswi: maziwa yakipita digrii 4, hasara ni kubwa kuliko kVA 12. Kijana wa mashine ndiye anayetembea gizani, kwa hiyo mjomba humlipia boda.

Shida ni jioni ya soko. Watu wa Chwele wanafika na magunia, wanataka kukobolewa na kusagiwa hapo hapo.

"Mjomba, niwashe zote?" kijana anauliza.

Siku hizi mjomba hajibu haraka. Kwanza anaangalia namba ya kVA kwenye mita. Kama mwezi huu bado ni 72, anawaambia wateja waache magunia, wachukue unga kesho. Wengine wanaondoka na hawarudi. Lakini kama siku fulani mashine zote zilienda pamoja na mita ikaandika 107, gharama imeshaingia, kuzima hakutairudisha. Hapo anasema, "Washa," na mpaka mwezi uishe hakuna mteja anayeambiwa angoje kesho.