Ukimwendea mnunuzi wa mahindi, jitambulishe kwanza kwa jambo linalomhusu

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu liliwagharimu watu waliokuwa wameniamini.

Miaka michache iliyopita niliongozana na viongozi wa kikundi cha wakulima wa Kilolo kwenda Iringa mjini kumwona mwenye mashine ya kusaga na kukoboa. Walikuwa na gunia 180 za kilo mia mia, yaani tani 18, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mimi kama bwana shamba nikajipa kazi ya kusema. Nikaanza: kikundi kilianzishwa mwaka fulani, wanachama 31, wanawake 17, tumepata mafunzo ya kilimo bora, tuna katiba, tuna akaunti benki. Nilipokuwa kwenye mafunzo, yule bwana alikuwa ameshachukua simu yake. Nilipofika kwenye katiba alinikatiza kwa upole: "Mzee, mmeleta mahindi au mmeleta ripoti?" Nikachanganyikiwa nikataja bei. Akasema atatupigia. Hakupiga.

Wiki hiyo wanachama wenye shida ya ada waliuza tani 6 kwa madalali waliokuja kijijini, kwa bei ya madalali. Zikabaki tani 12.

Nilitafakari sana njiani. Yote niliyosema yalikuwa kweli, lakini yalikuwa ni habari zetu. Mtu wa mashine ana wasiwasi wake: mahindi mabichi yanayoota ukungu stoo, sumukuvu, mawe, gunia pungufu, muuzaji anayeahidi lori zima akaleta nusu. Kujitambulisha kwangu hakukugusa hata wasiwasi mmoja.

Tulivyojiandaa mara ya pili

Tulichagua mwenye mashine mwingine. Kabla ya kumwona, katibu wa kikundi alienda kukaa na wapakiaji nje ya geti lake akanywa nao chai. Wakamwambia kwamba mizigo mingi inarudishwa hapo kwa unyevu. Hiyo tu ndiyo habari tuliyohitaji.

Kisha tukaazima kipima unyevu tukapima gunia zote 120. Gunia mbili zilizidi asilimia 14, tukazirudisha kwenye turubai juani mpaka zikashuka. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na gunia letu lenye unyevu mwingi kuliko yote likawa na asilimia 13.

Hapa nikuonye jambo. Wengi tunapima kwa chupa na chumvi: unaweka mahindi mpaka theluthi ya chupa kavu ya kioo, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa dakika moja na kuacha kama dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani, mahindi bado mabichi. Ni kipimo kizuri cha nyumbani, lakini kinakuambia tu kama uko juu au chini ya asilimia 15 hivi. Usisimame mbele ya mnunuzi ukasema "ni 13" kwa kutegemea chumvi. Sema "yamepita kipimo cha chumvi", basi. Akigundua namba moja si ya kweli, hatasikiliza nyingine.

Mwisho, tukakubaliana kwamba msemaji awe mwenyekiti, mama mwenye mahindi yake humo ndani, na mimi ninyamaze. Alifanya mazoezi jikoni kwake huku mwanawe akishika saa ya simu. Mara ya kwanza alitumia dakika mbili. Tukapunguza mpaka nusu dakika.

Alichosema

Alipiga hodi, akasalimia, akaulizia kazi, akasubiri ajibiwe. Usiruke salamu kwa kuogopa kupoteza muda. Kwetu anayeruka salamu huonekana ana hila. Mnunuzi akiwa mtu mzima kuliko wewe, mpe shikamoo yake. Kisha akasema hivi:

"Naitwa mama fulani, ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kutoka Kilolo. Tumesikia mizigo mingi hapa inarudi kwa sababu ya unyevu. Sisi tuna tani 12 stoo, tumepima gunia moja moja kwa mashine, na lenye unyevu mwingi kabisa ni asilimia 13. Sampuli ni hii. Samahani kaka, wewe unapokea mwisho asilimia ngapi?"

Akanyamaza.

Angalia mpangilio wake. Jina na cheo ni sentensi moja. Inayofuata inahusu shida ya mnunuzi. Halafu namba mbili tu, tani na unyevu, na kitu cha kushika mkononi. Anamaliza kwa swali jepesi ambalo mwenye mashine anaweza kulijibu bila kufikiri, na linahusu kazi yake. Bei haimo, historia ya kikundi haimo, na wala hakuomba kusaidiwa.

Yule kaka alijibu, "Kumi na tatu na nusu. Nani amewapimia?" Akamimina sampuli kiganjani, akavunja punje kwa meno. Hapo ndipo nilipojua tumesikilizwa: aliuliza kuhusu mzigo. Swali la kwanza la mnunuzi ndilo kipimo chako. Akiuliza "mmepimaje", "mmehifadhi wapi", "lini naweza kuona", umemfikia. Akiuliza "bei gani?" papo hapo, maana yake hajaona tofauti yako na wengine wote waliopita, na sasa mtashindana kwa bei tu. Akishika simu, umeshapitisha muda. Maliza sentensi uliyo nayo uulize swali lako.

Akiwahi kuuliza bei, usimkatalie wala usibabaike. Mwambie, "Nitakutajia kaka, ila kwanza nijue unachukua kiasi gani na usafiri ni wa nani, maana bei inategemea hapo."

Kwenye simu

Kwenye simu sampuli haionekani, kwa hiyo usijaribu kuuza. Salimia, taja jina na mahali unapotoka, uliza kama ana nusu dakika, sema shida yake na namba zako mbili, kisha omba siku ya kumletea sampuli. Akisema yuko barabarani, uliza umpigie saa ngapi, na umpigie saa hiyohiyo.

Mipaka yake

Nisikudanganye kwamba maneno ya nusu dakika yaliuza tani 12. Yalitufungulia mlango tu. Yule kaka alichukua kwanza tani 3 za majaribio, na siku ya kupakua vijana wake walichoma bambo kila gunia, juu na chini. Lingepatikana gunia moja bichi, maneno yote ya mama mwenyekiti yangegeuka uongo. Halikupatikana. Wiki iliyofuata lori lilikuja kuchukua tani 9 zilizobaki, kwa bei iliyozidi ya madalali.

Zile tani 6 zilizouzwa kwa haraka hazikurudi, na kila nikikutana na wenyewe nazikumbuka. Kwa hiyo kabla hujapanda gari kwenda kwa mnunuzi, kaa na mwenzako, mpe saa ya simu, ujitambulishe kwa sauti. Kila sentensi ikipita, muulize: hii inamhusu mnunuzi, au inanihusu mimi? Inayokuhusu wewe, ukishataja jina lako, iache nyumbani.