Karatasi Mbili za Kweli, Shamba Moja

Ukishuka njia panda ya Chalinze na kuwauliza wenyeji kumi kama wana uthibitisho wa umiliki wa mashamba yao, tisa watakujibu kwamba wanayo karatasi. Karatasi hiyo huhifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nguo, pengine pamoja na vyeti vya ubatizo au vya ndoa. Mwenye nayo huiamini kama anavyoamini kitambulisho chake. Nami sina sababu ya kumcheka, kwa kuwa nyumbani kwetu tulikuwa nayo pia. Ninachotaka kukijadili leo ni jambo ambalo karatasi ile haikuwahi kulisema, ijapokuwa sote tulidhani inalisema.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Mwaka 1986 alinunua shamba katika kijiji kimoja kati ya Lugoba na Msata, kutoka kwa mzee wa Kikwere aliyekuwa jirani yake. Hati yao ya mauziano iliandikwa kwa mkono katika ukurasa wa daftari la shule. Muuzaji alitia dole gumba, mashahidi wawili wakatia saini, mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri. Eneo lilitajwa kuwa ‘ekari sita’, na mipaka yake ilikuwa mwembe mkubwa upande wa mashariki, korongo upande wa kusini, njia ya ng’ombe upande wa magharibi, na shamba la jirani upande wa kaskazini. Hakuna aliyedanganya katika maandishi hayo.

Tuisome sasa kama mwanasheria angeisoma. Hati ya mauziano ni ushahidi kwamba siku fulani mtu fulani alimuuzia mwenzake kitu fulani. Haisemi kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Ili kulijua hilo, lazima uitafute hati iliyompa muuzaji shamba, kisha hati iliyomtangulia huyo, hadi ufike kwenye chanzo kisicho na mashaka. Mnyororo huo una nguvu sawa na pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Warithi wasiojulikana, mke ambaye hakushirikishwa, au shahidi aliyekwisha kufa, kila mmoja wao aweza kuukata. Tena, mhuri wa mwenyekiti si idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mahakama zetu zimebatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji kwa sababu Halmashauri haikuketi wala kuyaridhia.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuisajili hati hiyo. Tangu zama za Waingereza tumekuwa na sheria ya usajili wa nyaraka, na nyaraka nyingi za pwani zimewekwa masjala kwa njia hiyo. Lakini kusajili waraka si kusajili umiliki. Msajili wa nyaraka hupokea karatasi, huhakikisha imekidhi taratibu, kisha hutunza nakala yake. Haendi shambani, wala hatamki nani mwenye mali. Hati mbili zinazopingana zinaweza kukaa katika kabati moja kwa miaka hamsini bila kugombana, mpaka siku wenye nazo watakapokutana.

Sisi tulikutana na wenzetu baada ya baba kufariki. Ilikuja familia moja ikiwa na karatasi ya mwaka 1968, iliyokuwa imefifia wino lakini yenye kusomeka, ikionyesha kwamba babu yao alinunua eneo lile lile, lenye mwembe ule ule. Ndugu zangu walisema mara moja kwamba imeghushiwa. Haikuwa hivyo. Babu yule alinunua kweli, akalima kweli, na makaburi mawili ya watoto wake yapo mpaka leo kando ya mwembe. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 familia ile ilihamishiwa kijiji kingine, na shamba lake akagawiwa yule mzee wa Kikwere, naye pia akiwa amehamishwa kutoka kwake. Miaka kumi na miwili baadaye mzee huyo akamuuzia baba. Karatasi zote mbili zilikuwa za kweli. Ugomvi wetu haukuwa kati ya mkweli na mwongo, na ndiyo maana hakuna mtaalamu wa kuchunguza saini ambaye angeweza kuumaliza.

Jibu lilikuwa katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na kuzifuta haki zilizokuwepo kabla yake juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo mnyororo wa familia ile ulikatwa mwaka 1974, hata kama karatasi yao haikuchanika. Msomaji aweza kuiona sheria hiyo kuwa kali, nami sitambishia. Lakini tazama funzo lake kuhusu hati: karatasi inaweza kubaki nzima ilhali haki iliyoandikwa ndani yake imekwisha kufa, na karatasi yenyewe haina namna ya kukuambia.

Hata hivyo, kilichotupatanisha hakikuwa kifungu cha sheria peke yake. Kijiji kilikuwa kimeanza uhakiki wa vipande vya ardhi kwa ajili ya kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Halmashauri ilipendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji ukaridhia na kuchagua kamati ya uhakiki yenye wanaume na wanawake. Tangazo lilibandikwa likimtaka kila mwenye madai katika kitongoji chetu afike shambani siku iliyotajwa. Tukafika: sisi, familia ile, majirani wa pande zote, wazee waliokumbuka mwaka 1974, na wapimaji.

Mambo matatu yalitokea siku ile ambayo hati haiwezi kuyafanya. Kwanza, suala la ugawaji lilijibiwa hadharani. Wazee walieleza nani aligawiwa nini, mbele ya watu walioweza kuwasahihisha. Pili, mipaka ilikanyagwa kwa miguu. Ikabainika kwamba korongo lilikuwa limehama wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na kwamba kwa kulifuata tulikuwa tumelima kipande cha jirani wa kusini. Tulirudi kwenye mstari wa zamani uliooneshwa na mashina ya minyaa, na mpimaji akachukua alama za kila kona. ‘Ekari sita’ za baba zikawa tano na robo. Tatu, haki ndogo nazo ziliandikwa. Familia ile haikurudishiwa shamba, lakini njia yao ya kwenda makaburini iliingizwa katika kumbukumbu za uhakiki. Nadhani hilo, zaidi ya kitu kingine, ndilo lililowafanya wasikate rufaa.

Baadaye kumbukumbu za muda ziliwekwa wazi ili mwenye pingamizi alilete, kisha cheti kikatolewa kwa majina ya mama na watoto, na kuingizwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Hapo ndipo tofauti ilipo. Masjala hii hupangwa kwa kipande cha ardhi. Kila kipande kina namba yake, ramani yake na ukurasa wake, na katika ukurasa huo hakuna nafasi ya wenye mali wawili wanaopingana. Anayetaka kununua haulizi tena babu wa muuzaji alipata wapi; anauliza ukurasa unasema nini leo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1858 Robert Torrens alisimamia kupitishwa kwa sheria ya namna hii huko Australia Kusini. Alikuwa amefanya kazi ya forodha, naye alijua jinsi meli zinavyosajiliwa: chombo kina ukurasa wake, na hisa zake zikiuzwa, ukurasa hubadilishwa. Akauliza kwa nini ardhi, ambayo haisafiri, isisajiliwe hivyo. Kwetu, usajili wa hatimiliki zinazotolewa na Serikali, nje ya ardhi ya vijiji, hufuata msingi huo chini ya Msajili wa Hati. Mnunuzi huomba upekuzi rasmi na kuona mmiliki, rehani na zuio kama lipo, na mauziano hayahamishi haki mpaka yasajiliwe. Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Madai Na. 35 ya mwaka 2019, ilieleza kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati ya kuimiliki ndiye atakayechukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kwamba aliipata isivyo halali. Mzigo wa kuthibitisha umehama. Hilo pekee huzima mashauri mengi kabla hayajafika barazani.

Lakini tusome maneno ya mwisho ya msimamo huo kwa makini: isipokuwa ithibitike. Usajili haugeuzi wizi kuwa haki. Uhakiki ukifanywa ofisini, bila majirani kuitwa, cheti kinachotoka ni kosa lililopigwa mhuri. Dalili zake zinaonekana mapema: tangazo halikubandikwa, fomu haina saini za majirani, eneo halilingani na linalolimwa, au wafugaji wanaopitisha ng’ombe kila kiangazi hawakuulizwa kitu. Katika Chalinze, ambako wakulima na wafugaji wanashiriki njia na malambo, ramani yenye mashamba tu bila njia za mifugo huandaa ugomvi wa msimu ujao.

Hatari ya pili ni ya kimya zaidi. Masjala husema kweli kwa kadiri inavyoambiwa. Mwenye cheti akifa, warithi wakagawana kwa maneno, mmoja akauza sehemu yake kwa hati ya mauziano iliyoandikwa katika daftari, ukurasa wa masjala utaendelea kumtaja marehemu. Baada ya vizazi viwili tutakuwa na cheti kizuri cha mtu asiyekuwepo na rundo la karatasi za watu waliopo. Hapo tutakuwa tumerudi kwenye mfumo wa hati za kale kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba kazi kubwa ya usajili haimo katika kuchapa cheti. Imo katika siku ile ya kukanyaga mipaka mbele ya wote, na katika safari fupi ya mrithi kwenda kwa Mtendaji wa Kijiji baada ya matanga, akiwa na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Watumishi mnaosoma hapa mnajua ni masjala ngapi za vijiji ambazo kabati lake halina kitasa wala daftari la mabadiliko. Anzeni hapo. Karatasi ya baba bado tunayo, kwa kuwa ni mwandiko wake. Shamba, hata hivyo, halilindwi tena na karatasi hiyo. Linalindwa na ukurasa ambao kila jirani yetu anaweza kwenda kuusoma.