Ahadi Ambayo Benki Kuu Haikuitoa

Mwezi wa Agosti 2024 niliandika katika ukurasa huu aya fupi kuhusu uamuzi wa Benki Kuu ya Kenya. Ilikuwa na sentensi tatu tu, na ya mwisho ilisema kwamba Benki Kuu itaendelea kupunguza riba katika miezi ijayo. Niliipenda kwa wepesi wake. Miezi saba baadaye, Ramadhani ya 2025 ikiwa katikati, mama mmoja anayeshona mabuibui mtaani kwetu hapa Mombasa alinisimamisha nikitoka darsa. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniambia, "Mwanangu, ile karatasi yako ningali nayo. Umenifanya ningoje mpaka msimu umenipita."

Alikuwa amekusudia kununua cherehani mbili za umeme kwa njia ya murabaha. Benki ingezinunua, kisha ingemuuzia yeye kwa bei yenye faida iliyokubaliwa waziwazi, naye angelipa kidogo kidogo kila mwezi. Aliposoma aya yangu akaahirisha. Alijiambia kwamba riba ikishuka kwa mabenki mengine, faida inayotozwa na benki ya Kiislamu nayo italegea, kwa kuwa zote zinauza katika soko moja. Hesabu hiyo haikuwa mbaya. Akangoja mpaka Januari. Alipokwenda kuuliza, bei aliyopewa ilikaribiana sana na ile ya Agosti, na cherehani zilipofika, Ramadhani ilikuwa mlangoni na kazi za Idi zilikuwa zimekwisha kwenda kwa mafundi wengine.

Nakiri kwamba nilitaka kujitetea. Benki Kuu kweli iliendelea kupunguza: kutoka asilimia 13.00 hadi 12.75 mwezi huo wa Agosti, 12.00 Oktoba, 11.25 Desemba, na 10.75 Februari 2025. Mtu angeweza kusema nilitabiri sawasawa. Lakini usiku ule, baada ya tarawehe, niliitoa taarifa yenyewe ya tarehe 6 Agosti nikaiweka kando ya aya yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Sentensi yangu ya mwisho haikuwemo. Niliitunga mimi.

Kabla sijaendelea, nimjibu mzee wetu mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini gazeti la familia za Kiislamu lishughulike na riba. Swali lake ni la haki. Kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ni kigezo kinachoelekeza riba nyingine nchini, na sisi tunajitahidi kukaa mbali nazo. Hata hivyo, kiwango hicho hugusa thamani ya shilingi, na shilingi hugusa mchele, mafuta ya kupikia na kitambaa cha buibui kitokacho Dubai. Anayeepuka mkopo wa riba haiepuki bei ya dukani. Ndiyo maana naona ni bora habari hii tuisome, na tuisome ilivyo.

Sasa taarifa yenyewe. Kamati ya Sera ya Fedha, ambayo mwenyekiti wake ni Gavana wa Benki Kuu, Dakta Kamau Thugge, ilikutana na kuamua kupunguza kiwango chake kwa robo ya asilimia moja. Huo ndio uamuzi, na ndio sehemu pekee ya taarifa iliyokwisha kutendeka. Sehemu hiyo niliiandika sawa.

Baada ya uamuzi huja sababu, nami sababu nilizitupa zote ili kuokoa nafasi. Kamati ilisema kwamba hatua zake za awali zimeushusha mfumuko wa bei chini ya kitovu cha lengo na zimetuliza shilingi. Lengo la serikali ni mfumuko uwe kati ya asilimia 2.5 na 7.5, kwa hiyo kitovu ni 5. Julai 2024 ulikuwa 4.3. Ikasema tena kwamba inatarajia mfumuko ubaki chini ya kitovu hicho katika muda wa karibu, kwa msaada wa bei tulivu za chakula na mafuta na utulivu wa shilingi. Na kwamba baadhi ya benki kuu za nchi zenye uchumi mkubwa zilikuwa zimeanza kupunguza riba zao.

Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa sababu asilimia 4.3 husomwa vibaya majikoni. Haimaanishi kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba kikapu kilichonunuliwa kwa shilingi 1,000 mwaka mmoja kabla, sasa chanunuliwa kwa shilingi 1,043. Bei bado zinapanda, ila mwendo wao umepungua. Mama akisoma kwamba mfumuko umeshuka, halafu akute sukari haijapungua hata senti, ataona gazeti limemdanganya.

Sababu zina kazi nyingine pia. Wiki zile mabarazani kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengi walisema riba imepunguzwa kwa sababu ya maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha, ili kuwatuliza vijana. Huenda msemaji ana hoja yake, huenda hana. Lakini Kamati haikuitaja kuwa sababu ya uamuzi wake, na mwenye kufupisha hana ruhusa ya kumtia mtu maneno kinywani. Ikiwa nataka kutoa maoni hayo, niyatoe chini ya jina langu, baada ya kumaliza kunukulu yao. Sisi tuliosoma chuoni twajua tofauti ya matini na sherehe yake. Aandikaye huonyesha wazi moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Na kosa langu kubwa lilikuwa katika sehemu ya mwisho, ile inayoangalia mbele. Kamati ilisema kwamba ipo nafasi ya kulegeza sera polepole, huku ikihakikisha utulivu wa shilingi. Ikaongeza kwamba itafuatilia kwa karibu athari za hatua hii pamoja na mwenendo wa uchumi wa nchi na wa dunia, na kwamba iko tayari kuchukua hatua zaidi zikihitajika. Mwisho ikasema itakutana tena Oktoba.

Nafasi si ahadi. Nikikuambia kwamba chumba cha wageni kina nafasi, sijakuambia kwamba nimekualika ulale. Maneno yale kuhusu hatua zaidi nayo hayana upande. Hatua zaidi yaweza kuwa kupunguza, yaweza kuwa kusimama, yaweza kuwa kupandisha. Mimi nikayasoma kana kwamba yameandikwa kupunguza zaidi, kwa sababu ndicho nilichotaka kukisikia. Lugha yetu, kwa bahati nzuri, haimwachi mtu ajifiche. Kati ya "itapunguza" na "yaweza kupunguza, shilingi ikitulia" pana umbali mkubwa, na umbali huo wote umebebwa na silabi chache. Mimi niliandika ta. Taarifa ilisema ki.

Sharti la shilingi hasa ndilo lililostahili kuandikwa kwa wino mzito, kwa watu wa pwani wanaoishi kwa bidhaa za ng'ambo. Desemba 2023 Kamati hiyohiyo ilipandisha kiwango kwa asilimia mbili nzima, kutoka 10.50 hadi 12.50, kwa kuwa shilingi ilikuwa ikidhoofika. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Februari kiwango kikapandishwa tena hadi 13.00. Kufikia Agosti dola ilikuwa karibu shilingi 130. Benki Kuu ikipunguza riba kwa haraka, wenye fedha nyingi huona faida ya kukaa na shilingi imepungua, baadhi yao huhamia dola, na shilingi huanza kuteleza. Hivyo mtu aliyetaka kujua kama upunguzaji utaendelea alipaswa kutazama bei ya dola kila wiki pamoja na tarakimu ya mfumuko itolewayo kila mwisho wa mwezi. Shilingi ilibaki palepale na mfumuko ukashuka hadi 3.6 Septemba. Masharti yalitimia, basi kiwango kikapunguzwa. Kama dola ingalirudi 150, aya yangu ingalikuwa uongo mtupu, na taarifa ya Benki Kuu ingalibaki kweli.

Tena iko hatua ambayo taarifa haiwezi kumpigia mtu hesabu, nayo ndiyo iliyomwumiza mshonaji wetu. Kiwango cha Benki Kuu si bei ya benki ya mtaani. Mabenki yalikuwa yameshika amana za muda maalumu kwa malipo makubwa ya miezi iliyopita, na hayakuweza kuyashusha kabla amana hizo hazijaiva. Ndiyo maana mwisho wa 2024, Benki Kuu ikiwa imeshapunguza mara tatu, wastani wa riba za mikopo ulikuwa bado karibu asilimia 17. Na kwa aliyekwisha kutia saini mkataba wa murabaha hakuna kinachobadilika, kwani bei ilifungwa siku ya mkataba, iwe riba za nchi zimeshuka au zimepanda.

Niliandika aya upya, kwa kuchelewa, nikampelekea yule mama nyumbani kwake. Ilikuwa hivi:

"Tarehe 6 Agosti 2024 Benki Kuu ilipunguza kiwango chake kutoka asilimia 13.00 hadi 12.75. Kamati ilisema sababu ni kwamba mfumuko wa bei uko chini ya kitovu cha lengo na yatarajia ubaki hapo kwa muda wa karibu, kwamba shilingi imetulia, na kwamba baadhi ya benki kuu kubwa zimeanza kupunguza riba. Inaona ipo nafasi ya kulegeza zaidi polepole, ilimradi shilingi ibaki imetulia. Haikuahidi kupunguza tena. Itatazama matokeo, na itachukua hatua zikihitajika. Itakutana tena Oktoba. Bei za mabenki huenda zisibadilike upesi."

Aliisoma mara mbili, miwani ikiwa ncha ya pua. "Hii ni ndefu kuliko ile," akasema.

"Ni ndefu, Mama."

"Na haisemi ningoje wala nisingoje."

Nikamwambia kwamba taarifa yenyewe haisemi. Mwenye kutaka cherehani kabla ya Idi aulize bei ya benki leo, aipime kwa faida ya msimu atakaoukosa akingoja, kisha aamue. Akanyamaza. Halafu akauliza kikao kijacho ni lini; nikamjibu ni tarehe 8 Aprili. Akachukua kalamu ya chaki ya kupimia nguo, akaiandika tarehe hiyo ukutani, juu ya cherehani mpya.